Yah: Muda wa kuongea kwa simu wiki hii (nafasi ya muuguzi mkunga, Dodoma)

Dada Rehema, habari za jioni,

Nimepata ujumbe wako na simu zako mbili nimeziona. Samahani sana kwa kutopokea. Ijumaa ulipopiga saa 8 mchana nilikuwa chumba cha kujifungulia na mama aliyekuwa amefikia sentimita 9, na simu yangu ilikuwa kwenye droo, maana wodini hatuingii nazo. Leo saa 4 asubuhi nilikuwa nimelala. Nimeingia zamu ya usiku tangu jana. Tafadhali usidhani sina haja na nafasi hii. Naitaka, na ndiyo maana nakuandikia kabla sijapanda daladala kwenda kazini.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu saa. Ujumbe wako unasema "Alhamisi saa 4:00", lakini mwaliko uliokuja kwenye barua pepe unaonyesha 16:00, ambayo ni saa 10 jioni. Kama ulikusudia saa 4 asubuhi, hapo sitaweza: Alhamisi natoka usiku wa tatu mfululizo, nakabidhi wagonjwa saa 1:30, na mpaka nifike Gongo la Mboto ni karibu saa 4 kasoro. Kama ulikusudia saa 10 jioni nitapokea, ila nakuambia ukweli kwamba siku ya kutoka naiti kichwa huwa bado kizito, na haya si mazungumzo ya kuyafanya nikiwa hivyo.

Ningependa zaidi Ijumaa tarehe 15 Mei, saa 4:00 asubuhi (10:00). Siku hiyo nina ofu, watoto watakuwa shule, na nyumba itakuwa kimya. Ukihitaji dakika 30 au hata saa nzima, niko huru mpaka saa 6 mchana. Ijumaa ikikushinda, Jumatatu tarehe 18 nipo zamu ya asubuhi, kwa hiyo nipigie kuanzia saa 11:30 jioni (17:30) hadi saa 1 usiku (19:00). Kabla ya hapo nitakuwa ndani ya daladala na hatutasikilizana. Jumamosi na Jumapili nina zamu ya jioni, simu itakuwa kwenye droo tena.

Ratiba yetu hubandikwa kila mwezi na mara nyingine hubadilika mwenzetu akiugua. Nikiitwa Ijumaa nitakutumia ujumbe mfupi usiku wa Alhamisi, sitakuacha upige bure mara ya tatu.

Ili dakika hizo zitutoshe, naomba unijibu mambo machache kwa maandishi. Mshahara uliotajwa kwenye tangazo ni wa msingi, au posho zimeshaingizwa humo? Nauliza hasa kuhusu usiku. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na ningependa kuona nyongeza hiyo imeandikwa peke yake. Pia, zamu ni za saa ngapi, na zamu moja ya usiku ina wakunga wangapi katika wodi ya wazazi? Hili la mwisho lina uzito kwangu kuliko hata mshahara. Nimewahi kubaki peke yangu na akina mama watatu wenye uchungu kwa wakati mmoja, nikawa nakimbia kutoka kitanda hadi kitanda kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na sihami mji ili nikarudie hali hiyo.

Kwa upande wangu, leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai na nimeiambatanisha pamoja na vyeti. Nina uzoefu wa miaka 6, minne kati yake wodi ya wazazi. Nalipwa kwa mwezi, hivyo mkataba ukisainiwa nitahitaji kutoa notisi ya siku 28 kabla ya kuanza.

Ombi moja la mwisho: usipige simu ya hospitali wala kuwasiliana na wadhamini wangu mpaka tuwe tumeongea. Matroni wangu ni mtu mwema, na ningependa asikie habari hii kutoka kinywani mwangu.

Ukithibitisha Ijumaa, nitumie tu "sawa" kwenye namba ile ile uliyopiga. Nitausoma ujumbe wako alfajiri wakati wa kunywa chai.

Asante kwa uvumilivu wako,
Neema