Mimi na bibi tulivyopanga chakula cha mavuno

Jana jioni tumekaa mkekani na bibi hapa Newala, ungo wa mbaazi mpya katikati yetu, yeye anachambua mi naandika kwenye simu. Nikaanza, "Bibi, tupike pilau." Akasema, "Pilau ya mavuno ya nani mama? Mchele mpya haufichwi na viungo, tupike wali wa nazi."

Basi wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki baba atatoka nao Mtwara mjini, jogoo wawili. Ugali wa muhogo lazima maana babu bila huo anasema hajala.

Kwenye kisamvu ndo tulibishana, mi nataka karanga yeye anataka korosho zilizotwangwa, akainuka akaleta kiganja kimoja akazitwanga hapohapo, akanilambisha kidoleni, tamu ina mafuta, nikafuta karanga kwenye simu bila neno.

Nikaomba ming'oko ya kuchemsha kwa ajili ya watoto. Bibi akacheka, "Hiyo hailimwi, inachimbwa porini, kesho alfajiri tunaenda wote, jembe utabeba wewe."