Jericho 2, Kariobangi 2: Muhtasari wa Mechi Kutoka Camp Toyoyo

(Sauti ya uwanja ianze peke yake: ngoma, vuvuzela moja, watoto wakiimba nyuma ya goli. Baada ya sekunde sita ishushwe, mtangazaji aingie.)

Mpenzi msikilizaji, hujambo na karibu. Hapa ni uwanja wa Camp Toyoyo, mtaani Jericho, mashariki mwa jiji la Nairobi, ambako Jumapili hii vijana wa nyumbani walikuwa mbele kwa mabao mawili kwa bila hadi dakika ya 74, wakamaliza kwa sare ya mabao mawili kwa mawili, na mashabiki wa Kariobangi wakatoka nje ya lango wakiimba kana kwamba wamebeba kombe. Iwapo hukuwapo, kaa karibu nikusimulie jinsi pointi tatu zilivyogeuka kuwa moja.

(Kipenga. Sauti ya uwanja ipande kidogo.)

Saa tisa kamili mwamuzi anapuliza, Jericho wakiwa katika jezi za buluu na wageni katika nyekundu. Nyasi bandia zimekunywa mvua ya asubuhi, kwa hiyo gozi linateleza kwa kasi na pasi ndefu zinawakimbia wenyewe waliozipiga. Kariobangi ndio wanaosoma hali hiyo mapema. Dakika ya 11 kiungo wao namba 8 anaupokea mpira katikati, anageuka, anamtazama golikipa wetu mara moja tu, anaachia shuti la chinichini kutoka mbali. Mpira unadunda, unaongeza mwendo, unampita golikipa mkononi, unagonga mlingoti! Unarudi uwanjani, beki anaufagia, na benchi letu lote la ufundi linaketi tena kwa pamoja.

Jericho wanachukua muda kujipanga. Wanapojipanga, wanapita kulia. Winga wetu namba 7 ndiye hadithi ya kipindi cha kwanza, na beki wa kushoto wa Kariobangi atamkumbuka kwa siku kadhaa. Kila mara anapopewa mpira anasimama nao kwanza, mguu juu, akimngoja beki auguse ardhi kwa uzito wake wote, kisha ndipo anapoondoka. Dakika ya 27 anafanya hivyo hivyo. Anasimama. Anangoja. Beki ananyoosha mguu, na hapo tobo! Mpira katikati ya miguu, winga amempita kwa nje, anakimbia, ameufikia mstari wa mwisho, krosi! Namba 9 anaruka mbele ya mabeki wawili, kichwa, chini, kona ya mbali, wavuni! Wavuni! Jericho moja, Kariobangi bila!

(Kelele za mashabiki kwa sekunde tano. Zikatwe ghafla. Kimya cha sekunde mbili kabla ya sentensi inayofuata, ambayo isomwe polepole.)

Dakika ya 39 uwanja ulinyamaza. Mpira mrefu uliletwa kutoka nyuma, beki wetu wa kati namba 4 na mshambuliaji namba 10 wa Kariobangi wakaruka pamoja, kila mmoja akiutazama mpira na hakuna aliyemtazama mwenzake, na sauti ya vichwa kugongana ikasikika hadi kwenye ngazi za mashabiki. Namba 10 aliinuka akiwa ameshika paji la uso. Namba 4 hakuinuka. Ngoma ziliacha kupigwa bila mtu kuamuru. Mwamuzi alisimamisha mchezo papo hapo, na mtu wa huduma ya kwanza alipokuwa akikimbia na mkoba wake, wachezaji wa timu zote mbili walikuwa tayari wamesimama duara, migongo kwa nje, ili kumkinga kijana na macho ya watu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza njugu kando ya waya aliweka beseni lake chini.

(Kimya. Sekunde tatu.)

Baada ya muda alikaa. Akaulizwa maswali, akajibu, akataka kuendelea, na benchi likamkatalia, jambo ambalo lilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu mchezaji aliyegongwa kichwa hadi akalala hapaswi kurejeshwa uwanjani siku hiyo hata kama mwenyewe anaapa kwamba yuko sawa. Alitoka kwa miguu yake akishikiliwa pande mbili, na mashabiki wa Kariobangi ndio walioanza kumpigia makofi. Tumethibitishiwa na daktari wa timu kwamba alipelekwa hospitalini kuchunguzwa na kwamba jioni alikuwa akizungumza vizuri.

(Sauti ya uwanja irudi taratibu. Mtangazaji aongeze kasi.)

Kipindi cha pili kinaanza kwa moto. Dakika ya 53 Kariobangi wanapiga kona, mpira unazagaa ndani ya kisanduku, shuti, umezuiwa, shuti tena, na mwamuzi ananyoosha mkono kwenye alama ya mita 11. Penalti! Beki wetu ameunawa, mkono ulikuwa juu ya bega, na nilipokuwa nimesimama sikuona sababu ya kulalamika. Namba 10 mwenyewe, akiwa na kitambaa kwenye paji la uso, anauchukua mpira. Golikipa wetu amesimama mstarini. Kanuni inamtaka abaki na angalau mguu mmoja juu ya mstari hadi mpira upigwe, na yeye anaitii kwa namna yake, kwa kuyumba kushoto na kulia kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Namba 10 anarudi nyuma hatua nne.

(Kimya. Sekunde mbili kamili.)

Anakuja, anapiga, kushoto, ameudaka! Hakuupangua, ameudaka, ameukumbatia kifuani na amelala juu yake! Watoto nyuma ya goli wanapanda waya!

Dakika nane baadaye inakuja adhabu kwa Kariobangi. Kiungo wetu namba 6 ananyang'anya mpira katikati, pasi moja ya kupenyeza, namba 9 yupo sambamba na beki wa mwisho, mshika kibendera ameshusha kibendera chake, hakuna kuotea, anabaki na golikipa, anamzunguka, anausukuma wavuni. Jericho mbili, Kariobangi bila. Dakika ya 61.

(Shangwe, sekunde nne, zishuke.)

Na hapa, msikilizaji, ndipo mechi ilipoanza kutuponyoka, ingawa kwa dakika kumi na tatu zaidi tuliendelea kucheka. Dakika ya 65 benchi lilimtoa winga namba 7 na kuingiza beki wa kati wa tatu. Tangu hapo beki wa kushoto wa Kariobangi, ambaye kwa saa nzima hakuwa amethubutu kuvuka mstari wa katikati kwa kumwogopa mtu aliye nyuma yake, alijikuta hana wa kumlinda. Alipanda mara ya kwanza kwa wasiwasi. Mara ya pili alipanda akikimbia. Dakika ya 74 akapanda bila kizuizi chochote, akainua kichwa, akamimina krosi, na namba 10, yule yule wa kitambaa na yule yule aliyekosa penalti, akaupiga mpira kabla haujatua. Mbili kwa moja.

Nilimuuliza kocha wa Jericho kuhusu mabadiliko hayo.

(Sauti ya kocha, kutoka nje ya chumba cha kubadilishia nguo.)

"Ndugu mtangazaji, watu wanadhani nilitaka kulinda. Yule kijana alikuwa amebanwa na misuli tangu mapumziko na aliniambia mwenyewe, Kocha, mguu umekataa. Sasa nimwache avunjike?"

(Mwisho wa sauti ya kocha.)

Jibu hilo ni la haki, na hakuna anayetaka kijana avunjike. Hata hivyo nyuma ya goli alikuwapo winga mwingine akipasha misuli moto tangu dakika ya 50, na aliendelea kuipasha hadi kipenga cha mwisho. Mashabiki wa jiji hili hawahitaji kukumbushwa jinsi uongozi mdogo unavyoyeyuka. Walikuwa Kasarani tarehe 22 Agosti 2025 katika robo fainali ya CHAN, Harambee Stars walipotangulia dhidi ya Madagascar, wakasawazishiwa kwa penalti, kisha wakatolewa kwa mikwaju 4 kwa 3.

(Ngoma za wageni. Kasi ipande.)

Dakika za mwisho Jericho wamerudi wote nyuma. Kila mpira unapigwa mbali, kila mpira unarudi. Dakika ya 88 krosi nyingine, golikipa wetu anaudaka hewani, anaanguka nao, analala. Analala kidogo zaidi. Anainuka, anawapungia wenzake wapande, anaupapasa mpira, na mwamuzi ameinua mkono juu akihesabu kwa vidole: tano, nne, tatu, mbili, moja. Kipenga! Kanuni iliyoanza kutumika msimu wa 2025 hadi 2026 inampa golikipa sekunde nane kukaa na mpira mikononi, na akizizidisha, wapinzani hupewa kona pale ambapo zamani wangepewa mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja. Golikipa anashika kichwa. Nahodha wetu anamkimbilia mwamuzi na kupata kadi ya manjano kwa jitihada zake.

Kona ya Kariobangi, upande wa kushoto. Mpira unapigwa mlingoti wa karibu, unaguswa kichwani, unamgonga mtu gotini, unavuka mstari! Mbili kwa mbili! Bao limeandikwa kwa jina la beki wao wa kati namba 5, ingawa kwa macho yangu goti lilikuwa la buluu.

(Sauti ya mashabiki wa Kariobangi, sekunde tatu.)

Dakika nne za nyongeza zilitosha kwa nafasi moja tu, shuti la namba 6 lililopaa juu ya mwamba, kisha mwamuzi akamaliza. Golikipa aliyeokoa penalti alibaki ameketi kwenye mstari wake, na wa kwanza kumwinua alikuwa namba 10 wa Kariobangi, aliyemnong'oneza jambo ambalo lilimfanya atabasamu kidogo. Sare ni matokeo ya haki kwa wageni. Kwa Jericho ni pointi mbili zilizotupwa, na nyingi kati ya dakika zilizozitupa zilichezwa kabla golikipa hajaushika ule mpira wa dakika ya 88.

(Muziki wa programu uanze chini.)

Mazoezi yataendelea Jumanne saa kumi na moja jioni katika uwanja huu huu, na namba 4 hatashiriki hadi daktari atakapomruhusu. Jumapili ijayo timu itakuwa ugenini Dandora, mechi ikianza saa nane mchana, na basi la mashabiki litaondoka karibu na soko la Jericho saa sita na nusu, nauli ikilipwa kabla ya kupanda. Kutoka Camp Toyoyo, kwaherini.

(Muziki upande hadi mwisho.)