Andalio la Somo: Sehemu za Kumi na za Mia kwa Pesa na Rula ya Mita

Hisabati, darasa la tano. Wanafunzi 64, makundi 8. Dakika 40.

Lengo: mwanafunzi aandike na kusoma sehemu za kumi na za mia, tena aeleze kwa nini 0.4 ni kubwa kuliko 0.35.

Vifaa kwa kila kundi: kadi 1 ya 10,000, kadi 10 za 1,000, kadi 10 za 100, na ukanda wa mita 1 uliokatwa kwenye mfuko wa saruji. Rula 2 za mita moja kwa darasa zima.

Kizima chetu ni noti ya 10,000. Senti haziko mikononi mwa watoto, na tukichukua 1,000, sehemu ya mia itakuwa shilingi 10, sarafu ambayo hawaioni dukani. Kwa 10,000, noti ya 1,000 ni 0.1 na sarafu ya 100 ni 0.01.

Dakika 1–15: Pesa. Inua noti ya 10,000, uulize: "Nani atanipa chenji ya elfu moja moja?" Wahesabu kumi. Kisha wavunje elfu moja kwa mia mia. Ubaoni andika "Kizima = 10,000" na uiache hapo hadi mwisho, la sivyo wataanza kuandika 3,700 kama 3.7. Hapa ni 0.37: noti 3, sarafu 7. Isomwe "sifuri nukta tatu saba", si "nukta thelathini na saba". Usomaji huo wa pili ndio unaowafanya waone 0.35 inaishinda 0.4. Anayebisha aweke 3,500 kando ya 4,000. Halafu wape sarafu ya 500 na noti ya 5,000: 0.05 na 0.5. Tarakimu ni ile ile, nafasi ndiyo imehama. Kaa hapa hata dakika zikizidi.

Dakika 16–32: Mita. Makundi yaweke alama kila sentimita 10 kwenye ukanda, kisha wagawe sehemu ya kwanza peke yake kwa sentimita moja moja. Sentimita 10 ni mita 0.1, sentimita 1 ni 0.01. Ncha ya rula ya mbao ikiwa imelika, waanzie alama ya 10 na watoe 10 kwenye jibu.

Wapime dawati. Likiwa mita 1 na sentimita 7, wengi wataandika 1.7. Usifute. Waonyeshe 1.7 kwenye ukanda wa pili: ni sentimita 70 baada ya mita, inapita dawati kwa mbali. Sifuri ya 1.07 inasema hakuna sehemu ya kumi iliyotimia.

Dakika 33–40: Zoezi.
1. 6,200 ni desimali gani ya 10,000? (0.62)
2. Sentimita 9 ni mita ngapi? (0.09)
3. Panga kuanzia ndogo: 0.5, 0.05, 0.48. (0.05, 0.48, 0.5)

Aliyeandika 0.9 kwenye swali la 2 arudi kwenye ukanda kesho, kabla ya kuanza kujumlisha desimali.