Mpango wa Kazi: "Shangazi na Simu", vipande 12

Timu, tunatoa vipande viwili vya video kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa wiki sita. Kila kimoja kisizidi sekunde 45.

Wahusika hawabadiliki. Shangazi: kilemba cha njano, miwani imeteremka puani, simu anaishika kwa mikono miwili kama sinia ya moto. Hakasiriki kamwe, anashangaa tu. Mpwa: fulana ya bluu, subira fupi, kila mara anaanza na "Shangazi, nipe nione." Jirani haonekani, ni sauti nyuma ya mlango (nakiri, hatuna mwigizaji wa tatu). Nguo zikae kwenye mfuko mmoja, zipigwe picha kabla ya kufuliwa. Majaribio yalituumbua: kilemba kilifungwa kushoto, kisha kulia, ndani ya tukio moja.

Jumatatu naandika miswada miwili, ukurasa mmoja kila mmoja. Jumatano tunaisoma kwa sauti. Mstari unaomkwaza mwigizaji unakatwa. Jumamosi saa tatu asubuhi tunarekodi yote miwili, simu imesimama wima, 1080 × 1920, mwanga wa dirisha pembeni. Nyuso zibaki juu ya katikati, maana chini kuna maandishi na vitufe vya programu. Jumapili ni kuhariri na kuweka manukuu.

Tatizo la Shangazi lionekane ndani ya sekunde tatu za mwanzo. Kipande cha 1: amejipiga picha 40 za kidole gumba, anauliza nani kamtumia.

Hatuanzi kurusha kabla ya kuwa na vipande vinne kibindoni.