Tumekuja na Vikapu

(Wimbo wa Sikukuu ya Mavuno, kwaya ya usharika, Njombe. Kiongozi aimbe beti. Kiitikio ni cha wote, watu wakipeleka matoleo mbele.)

Kiitikio:
Tumekuja na vikapu, Bwana pokea shukrani,
Mkono wako si haba, tumeuona shambani.

1.
Mvua ya kwanza Novemba, ilichelewa njiani,
Tukatazama mawingu, mbegu zikiwa ghalani;
Disemba ukafungua, maji yakaja bondeni,
Leo mahindi makavu, yamejaa vihengeni.

2.
Viwavijeshi wakaja, Januari wakatanda,
Tukaingia shambani, hata watoto wakenda;
Kwa majivu na vidole, mche mche tukalinda,
Kilichosalia, Bwana, kwa hicho tumeshawanda.

3.
Sakitu ya mwezi Juni, bondeni haikushuka,
Viazi vimenenepa, lumbesa tumeepuka;
Maparachichi ya kwanza, mtini yakachumika.

4.
Si mazao peke yake, Bwana tutaje na watu:
Mapacha wamezaliwa, kwenye zahanati yetu;
Bomba limefika shule, vimepona vichwa vyetu,
Na daraja tumejenga, mbao na mikono yetu,
Mto haukuchukua, hata mmoja wa kwetu.

5. (polepole, bila ngoma)
Mama mjane wa kona, shamba lake tulilima,
Naye kaja na kibaba, cha ulezi, akasema:
"Hiki changu, Bwana wangu, usitazame kupima."
(ngoma zirudi)
Na jogoo wa mnada, anawika, hajakoma!

(Kiitikio kirudiwe hadi matoleo yote yafike madhabahuni.)