Mama Neema, ombi langu la kulipa miezi sita kwa mkupuo

Shikamoo mama. Mzee na wajukuu hawajambo huko Mpwapwa? Sisi hapa Nkuhungu wazima, Jose ana mafua kidogo ya hili vumbi ila shule anaenda. Nilikupigia jana mara mbili haukupatikana nikasema acha niandike, tena maandishi ni mazuri hata mzee anaweza kusoma mkakaa mkaongea wawili, maana hili siyo la kujibiwa hapohapo.

Mama kodi yangu inaisha tarehe 30 mwezi huu wa kumi na moja. Kwa utaratibu wetu tarehe 1 Desemba natakiwa nikuletee ya miezi mitatu, laki nne na nusu. Sasa kikoba chetu pale sokoni Majengo tumevunja wiki iliyopita, na hisa zangu zimetoka vizuri, nashukuru Mungu. Nikawaza nikasema badala ya kulipa mitatu halafu Machi tena naanza kuhangaika, nilipe miezi sita yote, kuanzia 1 Desemba mpaka 31 Mei, hela nzima siku moja. Ila naomba na wewe mama unipunguzie, uniwekee ile bei niliyoingia nayo, 130,000 kwa mwezi badala ya 150,000. Maana yake badala ya laki tisa nakupa 780,000 mkononi. Punguzo ni 120,000 kwa miezi yote sita, yaani elfu ishirini ishirini kila mwezi.

Najua ukisikia tu kupunguza moyo unashtuka, na mimi ningeshtuka. Ngoja nikueleze nilivyopiga hesabu.

Septemba ulivyokuja uliniambia nyumba yako ya Nzuguni imefika lenta na imesimama kwa sababu ya mbao na bati, na ukasema hela ya kodi inakuja vipande vipande, ikifika inaishia kwenye matumizi ya nyumbani. Lile neno lilinikaa mama. Mvua za huku unazijua, zikianza hizi za mwisho wa Novemba au Desemba ndo zimeanza mpaka Aprili, na kuta zikikaa wazi miezi yote hiyo fundi atakuja kukudai kazi ya kurudia. Najua 780,000 haimalizi kupaua ila ikija yote kwa pamoja unaweza ukanunua mbao zote siku moja, au ukaanza na upande mmoja. Ukipewa 450,000 sasa na nyingine Machi, hiyo ya Machi inakukuta mvua ishafanya yake.

Halafu kuna kile chumba na sebule cha mbele. Mwaka huu kimekaa Februari na Machi yote hakina mtu, madalali wanaleta watu wanaangalia wanaondoka. Hapo umepoteza 300,000 mama kwa miezi miwili tu. Siyo kwamba nakutisha kuwa nitahama, hapana, sina mpango wa kuhama, watoto shule iko hapa na wateja wangu wananijua. Nasema tu kwamba mpaka Mei huna wasiwasi na upande wangu, hela ishaingia.

Na mimi unanijua. Nimeingia Machi 2023 kwa laki na thelathini, Juni 2024 ukapandisha ikawa laki na nusu sikubishana, nikalipa. Nimechelewa mara moja tu, Juni hii, siku kumi na mbili, Jose alikuwa amelazwa, na ulinivumilia na sijasahau. Koki ya bafuni ilivyokatika mwezi wa nane nilinunua na fundi nikamlipa mwenyewe, 18,000, nikaona nisikusumbue kwa kitu hicho. Na ile kodi ya jengo kila mwezi inakatwa kwenye luku ya mita yangu muda wote huu. Sikudai mama, nakutajia tu ujue kuwa nyumba hii naichukulia kama yangu.

Kwanini nataka punguzo wakati hela ninayo? Nitakwambia ukweli wote. Hiyo laki na ishirini nataka niongezee kwenye mashine ya ovaloki. Saa hizi nguo zote napeleka kuovaloki kwa mwenzangu, kila siku natoa hela, na Januari ndo msimu wa sare za shule, kazi inajaa mpaka nakataa nyingine. Nikiwa na mashine yangu kipato kinatulia, na kikitulia kodi yako nayo haisumbui. Lakini nikikulipa laki tisa kamili mashine sinunui, na sitaki kukopa, mikopo ya mtaani nimeona inavyowafanya watu.

Ukikubali mama naomba tuandikishane, siyo kwa kutoaminiana, binadamu tunasahau. Tuandike bei ni 130,000 na haipandi mpaka 31 Mei. Baada ya hapo tukae tena tuongee, siwezi kukubana kuwa iwe hiyo milele. Tuandike pia kwamba ikitokea umeihitaji nyumba au umeiuza katikati, miezi niliyokuwa sijakaa unanirudishia kwa hesabu ya 130,000, na unanipa taarifa miezi miwili kabla nitafute pa kwenda. Na mimi nikiondoka mwenyewe kabla ya muda sikudai chochote, labda nikuletee mpangaji wa kumalizia na wewe umwone kwanza kama anakufaa. Tusaini mbele ya mjumbe wetu wa hapa, karatasi mbili, moja yako moja yangu. Hela nakuingizia benki kwenye ile akaunti yako ya siku zote ili risiti iwepo.

Kitu kingine kidogo, nitakiomba hata kama punguzo litashindikana. Bati la juu ya chumba cha watoto lina tundu pale kwenye msumari, mvua za mwaka jana tulikuwa tunaweka beseni. Naomba fundi apande kabla hazijaanza, dari isije ikaoza ikawa gharama kubwa kwako.

Kama 130,000 unaona imeshuka sana, niambie wewe unaonaje. Uwezo wangu wa mwisho ni 135,000, yaani 810,000 yote, hapo ovaloki nitasubiri mpaka sare zianze kulipwa ila nitajitahidi. Zaidi ya hapo mama siwezi, na nikishindwa hatugombani, nitakuletea laki nne na nusu yangu ya miezi mitatu tarehe 1 kama kawaida na maisha yanaendelea.

Naomba jibu mpaka Jumapili jioni kama mtakuwa mmeongea na mzee. Naharakisha kwa sababu hela ikikaa mkononi inaliwa, leo huyu anaumwa kesho kuna mchango, na anayeuza mashine kaniwekea mpaka Jumatatu. Ukisema ndiyo, Jumatatu asubuhi naenda benki moja kwa moja kisha nakutumia picha ya risiti, na wewe ukija Jumamosi inayofuata kuangalia nyumba ya Nzuguni unapitia hapa tunasaini, nitakupikia mlenda na ugali wa uwele kama ule wa siku ile.

Msalimie sana mzee, mwambie suruali yake nimeshaipunguza kiunoni iko tayari.

Ni mimi Mama Jose, nyumba ya nyuma.