Rasimu ya Katiba ya Kikundi cha Kuweka na Kukopa, Majengo, Moshi

Ndugu wanakikundi, picha 14 za karatasi zenu za mapendekezo nimezisoma. Moja ilikuwa na ukungu, mwenyewe akanisomea kwa simu. Tutaijadili rasimu hii Jumamosi.

1. Hisa moja ni shilingi 2,000. Kila Jumamosi mwanachama hununua hisa 1 hadi 5. Mfuko wa jamii ni shilingi 500, nao haukopeshwi.

2. Mkopo hauzidi mara tatu ya thamani ya hisa za mkopaji. Hurejeshwa ndani ya miezi 3, riba asilimia 5 kwa mwezi ya deni lililobaki, na wadhamini wawili wasio wa nyumba yake. Karatasi moja ilisema "asiyelipa ashughulikiwe". Kushughulikiwa vipi? Nimeandika hivi: akipitisha siku 30 bila kulipa, hisa zake hukatwa, zisipotosha, wadhamini hulipa kilichobaki nusu kwa nusu. Kuchukua vyombo vya mtu, hapana.

3. Mkutano huanza saa 10 jioni. Mchelewaji hutozwa shilingi 500, isipokuwa mwenye msiba au mgonjwa. (Mama mmoja aliomba na mvua. Moshi hii? Tungekutana lini?)

4. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, wala si kwa mweka hazina anayelilaza sanduku kwake.

5. Katiba hubadilishwa kwa kura za theluthi mbili ya wanachama wote.

Katibu